Dawa ya kifua haimfai mtoto wa chini ya miaka sita: jinsi ya kumtuliza mkereketo wa koo usiku kucha

Kinachotokea majumbani ni kile kile. Mtoto ana mafua, usiku anakohoa, mama anaambiwa aachane na sirapu ampe asali. Asali inachanganywa kwenye kikombe kizima cha uji, mtoto anakunywa robo na kusukuma kinachobaki. Pua imeziba, jiko la mkaa linaivisha maharage mlangoni. Saa nane usiku kikohozi kimerudi pale pale, na kesho yake baba anapita duka la dawa kuchukua chupa.

Asali haina kosa hapo. Imetolewa kidogo mno, bila mpangilio, na vinavyolikera koo vimeachwa kama vilivyo. Mwongozo huu ni wa kikohozi cha mafua ya kawaida kwa mtoto wa chini ya miaka sita.

## Vitu vya kuweka tayari kabla giza halijaingia

- Bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yake. Duka lolote la dawa linalo. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, kimoja kinabeba mililita 3 na kingine 7.
- Asali halisi, kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja tu.
- Matone ya maji ya chumvi ya puani yanayouzwa dukani, au chumvi safi ya mezani na maji yaliyochemka.
- Kitambaa laini cha pamba. Pampu ndogo ya mpira ya kunyonya kamasi ni nzuri ukiipata, ila si lazima.
- Chupa ya chai yenye maji ya moto, ili usiku usianze kuhangaika na jiko.
- Simu au saa yenye sekunde.
- Karatasi na kalamu.

## Ndani ya chupa ya sirapu kuna nini

Geuza chupa usome lebo. Majina yameandikwa Kiingereza, lakini ukiyatamka kwa sauti utayatambua. Sirapu nyingi za kikohozi na mafua zina vitu viwili hadi vinne kati ya hivi: dekstromethofani, inayobana kikohozi kutokea kwenye ubongo, klofeniramini, difenhidramini au promethazini, ambazo ni dawa za mzio zinazoleta usingizi, fenilefrini au pseudoefedrini za kufungua pua, na guaifenesini ya kulainisha makohozi. Baadhi zina parasetamoli pia.

Kwa watoto wadogo waliopewa dawa hizi katika majaribio, kikohozi hakikupungua kwa kiasi cha kuzitofautisha na maji ya sukari. Sababu inaeleweka. Kikohozi cha mafua hutokana na kamasi linaloteremka nyuma ya koo na ngozi ya koo iliyochubuka kwa virusi. Dawa inayozuia amri ya kukohoa kichwani hailipunguzi kamasi hata tone, na mtoto mwenye njia nyembamba za hewa anahitaji kukohoa ili azisafishe.

Madhara yapo hata kama nafuu haipo. Dozi za watoto kwa miaka mingi zilikuwa za watu wazima zilizogawanywa tu, ilhali ini la mtoto haliichakati dawa kama la mtu mzima. Moyo kwenda mbio, kuweweseka, usingizi mzito, na kwa promethazini kwa walio chini ya miaka miwili, hata pumzi kudhoofika. Kodeini, dawa kali ya kikohozi ya jamii ya afyuni, ndiyo ya kuogopwa zaidi: haitakiwi kabisa kwa kikohozi cha mtoto wa chini ya miaka 12. Uingereza iliondoa matumizi ya dawa hizi za kikohozi na mafua kwa walio chini ya miaka sita mwaka 2009, Kanada nayo ikaweka mpaka huo huo, na Australia ikafuata 2012. Marekani lebo zake husema chini ya miaka minne.

Lakini kuna jambo linalosahaulika, nalo ndilo linalofanya sirapu ipendwe. Mtoto aliyepewa dawa yenye klofeniramini hulala. Nyumba inatulia, kila mtu anasema dawa imefanya kazi. Mtoto hajapona kikohozi, amelazwa na dawa ya usingizi. Na kama chini ya mafua hayo nimonia inaanza, dalili mojawapo ya kumkimbiza hospitali ni mtoto kulegea na kusinzia kuliko kawaida. Sasa utatofautishaje usingizi wa dawa na usingizi wa ugonjwa? Hutaweza. Hata muuguzi wa zahanati atapata tabu.

Tahadhari: haya hayahusu dawa aliyoandikiwa mtoto wako na daktari kwa ugonjwa uliopimwa, kama salbutamoli kwa mwenye pumu. Hiyo usiiache. Homa ikimsumbua, parasetamoli peke yake kwa uzito wake inaruhusiwa, mradi asipewe wakati huo huo na sirapu ya mafua yenye parasetamoli ndani. Hapo dozi huwa mbili bila mtu kujua.

## Hatua ya 1: Hesabu pumzi kwanza

Usianze na asali. Anza kwa kujua kama hiki ni kikohozi cha kukaa nacho nyumbani.

Subiri mtoto atulie, awe amelala au ananyonya. Aliyetoka kulia au kukimbia hupumua haraka na hesabu yako itadanganya. Pandisha nguo uone kifua na tumbo. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu kwa dakika nzima. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili ni kosa la kila siku, kwa sababu mtoto mdogo hupumua haraka kidogo, kisha polepole, kisha haraka tena.

Pumzi zinahesabiwa kuwa za haraka zikifika:

- 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili
- 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja
- 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano

Ukipata namba ya juu, rudia mara moja baada ya dakika chache. Ikibaki juu, nenda kituo cha afya. Angalia pia sehemu ya chini ya mbavu: akivuta pumzi ikabonyea ndani badala ya kutoka nje, huyo anatumia nguvu kupumua na hangoji asubuhi.

Kinachokupeleka hospitali bila hata kuhesabu ni mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, mwenye midomo iliyobadilika kuwa ya bluu au kijivu, au anayetoa sauti ya kukwaruza akivuta pumzi hali ametulia. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa au anayepumua haraka naye ni wa hospitali moja kwa moja. Na kama mtoto alikuwa mzima akicheza na karanga au shanga, akapaliwa ghafla na kuanza kukohoa, fikiria kitu kimeingia njia ya hewa.

Hatua imekamilika pale ulipoandika namba na saa kwenye karatasi, namba iko chini ya kikomo cha umri wake, na hakuna dalili hizo.

## Hatua ya 2: Fungua pua

Hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo yenye kazi kubwa. Pua ikiziba mtoto hupumua kwa mdomo, hewa kavu inalikausha koo, na kamasi lisilotoka mbele hushukia nyuma. Ndiyo maana akilala tu anaanza kukohoa.

Kama huna matone ya dukani, chemsha maji dakika tano, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Pima mililita 350, yaani chupa moja ya soda ya zile za glasi za kawaida Tanzania, changanya na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Hapo tumia kijiko cha kupimia dawa cha mililita 5, ujaze nusu na kusawazisha. Onja mwenyewe: ladha iwe kama ya machozi. Ikiwa kali kama ya bahari, itamuunguza pua na hatakuruhusu tena. Hifadhi kwenye chombo safi chenye kifuniko, na ikipita siku moja mwaga utengeneze mengine.

Mlaze chali, kichwa kikiinama nyuma kidogo. Weka matone mawili au matatu kila tundu, kwa bomba la sindano, polepole. Ngoja dakika moja ili kamasi lilainike, kisha futa kwa kitambaa au nyonya kwa pampu. Ukitumia pampu, ibonye kabla ya kuiingiza, si ikiwa tayari puani. Usichokonoe kwa vijiti vya pamba.

Kwa anayenyonya, fanya kabla ya kunyonya. Akishiba, matone yanaweza kumtapisha.

Utajua imefaulu mtoto akiweza kufunga mdomo na kupumua kwa pua, au akinyonya bila kuachia ziwa kila baada ya sekunde chache. Kupiga chafya baada ya matone ni kawaida.

## Hatua ya 3: Tuliza koo kulingana na umri

Chini ya miezi sita. Maziwa ya mama tu, mara nyingi zaidi na kwa muda mfupi mfupi. Si maji ya ndimu, si chai ya tangawizi, si asali ya kulambishwa kwa kidole.

Miezi sita hadi kabla ya mwaka. Endelea kunyonyesha. Akikohoa, mpe mililita 5 hadi 15 za maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, mara tatu au nne kwa siku. Asali bado. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo tumbo la mtoto wa chini ya mwaka haliwezi kuzizuia zisiote na kutoa sumu ya kulegeza misuli, hata ya kupumulia. Kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo, kwa hiyo asali iliyopikwa kwenye uji nayo ni marufuku.

Mwaka mmoja hadi mitano. Asali mililita 2.5, ambayo ni nusu ya bomba lako. Mpe kama ilivyo, ndani ya shavu, kidogo kidogo. Akikataa unene wake, ichanganye na vijiko viwili tu vya maji ya uvuguvugu na matone ya ndimu. Kanuni ni kwamba kiasi chote kimezwe kwa dakika moja au mbili. Asali hufanya kazi kwa kulipaka koo na kuchochea mate. Ikizamishwa kwenye kikombe cha uji, haipaki kitu.

Dozi ya maana ni ya usiku, nusu saa kabla ya kulala. Nusu saa hiyo inakupa nafasi ya kumpigisha mswaki, maana asali ikilala kwenye meno huyatoboa kama sukari nyingine. Mchana unaweza kurudia mara moja au mbili koo likimkereketa.

Uvuguvugu maana yake ukidondoshea ndani ya kifundo cha mkono husikii moto. Chai ya rangi iache, kwani hupunguza madini ya chuma anayoyapata kwenye chakula. Pipi ngumu za koo na vipande vya tangawizi vya kutafuna si vya umri huu, vinapalia.

Mafanikio hapa yasipimwe kwa kikohozi kuisha. Yapimwe kwa mtoto kukohoa mara chache zaidi katika saa ya kwanza ya usingizi, na kutotapika kwa sababu ya kukohoa.

## Hatua ya 4: Ondoa kinachochokoza

Ingia chumbani anakolala, vuta pumzi kwa pua. Unasikia harufu gani? Moshi wa mkaa, sigara iliyovutwa uani, dawa ya mbu ya kuwasha, udi au ubani wa jioni: kila kimoja kinatosha kufuta kazi ya hatua mbili zilizopita. Ubani ndio mgumu kuuzungumza, hasa nyumba za pwani ambako kufukiza magharibi ni ada. Si lazima uachwe. Fukiza sebuleni mlango wa chumba cha mtoto ukiwa umefungwa, na dirisha lake wazi kidogo. Badala ya dawa ya mbu ya moshi, tumia chandarua.

Aliyezidi mwaka anaweza kulala kichwa kikiwa juu kidogo. Wa chini ya mwaka alale chali kwenye godoro la usawa, bila mto.

Kufukiza mtoto kwa nyungu usijaribu. Mvuke haulisaidii koo kwa kiasi cha maana, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka na mtoto anayehangaika ni ajali ya kuungua inayosubiri dakika yake. Marhamu ya kafuri na mentholi si ya walio chini ya miaka miwili. Kwa wakubwa hupakwa kifuani tu, mbali na pua na mdomo, na kopo liwekwe juu, kwani kafuri ikimezwa huleta degedege. Samli au mafuta ya kudondoshea puani huingia mapafuni. Na mtu akikwambia kikohozi kinatokana na kimio kirefu kinachotakiwa kukatwa, mkatalie: kimio huonekana kimevimba kwa sababu koo limevimba, na kukikata kumewaletea watoto kuvuja damu na maambukizi.

## Hatua ya 5: Usiku mmoja, saa kwa saa

Tumchukue mtoto wa miaka miwili na nusu, siku ya tatu ya mafua, anacheza mchana lakini anakohoa akilala.

Saa moja na nusu jioni, akiwa ametulia mapajani, pumzi zake ni 32 kwa dakika. Kikomo chake ni 40, mbavu hazibonyei, amekula nusu ya wali wake na kunywa maji. Anabaki nyumbani. Mama anaandika: saa 1:30, 32.

Saa mbili kasorobo anawekwa matone ya chumvi, analia, anafutwa kamasi zito. Saa mbili kamili anapewa asali mililita 2.5. Mswaki, hadithi, na saa mbili na nusu yuko kitandani. Anakohoa dakika kumi za mwanzo, kisha analala.

Saa nane usiku anaamka akikohoa mfululizo. Hapa ndipo wengi huharibu, huwasha taa na kuongeza asali kijiko kizima. Fanya hivi: mkalishe wima mapajani, kwa sababu kamasi lililokusanyika nyuma ya koo litashuka tu akiinuka. Mpe maji ya uvuguvugu vijiko vitatu au vinne, ukichanganya ya kwenye chupa ya chai na ya baridi yaliyochemshwa. Weka tena matone puani kama anapumua kwa mdomo. Akitulia, na kabla hajarudi kulala, hesabu pumzi. Safari hii ni 34. Mama anaandika na kumlaza.

Karatasi hiyo ina thamani kuliko inavyoonekana. Ingesomeka 32, kisha 38, kisha 46 alfajiri, ungekuwa umeiona nimonia inakuja wakati kikohozi chenyewe kinasikika kama cha jana.

## Hatua ya 6: Siku zinazofuata

Siku ya pili hadi ya nne kikohozi kinaweza kuzidi kabla ya kupungua. Kamasi kugeuka njano au kijani ni mwendo wa kawaida wa mafua, si sababu ya kununua antibayotiki. Watoto wengi hupata nafuu kubwa ndani ya siku kumi, ingawa kikohozi chepesi kinaweza kuburuta hadi wiki ya tatu.

Hata hivyo, ikifika siku ya 14 na bado anakohoa, mpeleke akapimwe, hata kama anacheza. Kifua kikuu, pumu na kifaduro huanzia hapo. Nenda mapema zaidi kama kuna mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani, kama mtoto anapungua uzito, kama anatoa mluzi akipumua, kama anakohoa mfululizo hadi kutapika au kukosa pumzi, au kama homa ilishaondoka siku mbili ikarudi.

## Kama sirapu imeshatolewa

Imeshatokea mara moja, kwa kipimo cha lebo, na mtoto yuko macho anacheza: acha kuendelea, usimpe dawa nyingine ya mafua, na umwangalie kwa saa zinazofuata. Usimtapishe.

Akisinzia kiasi cha kutoamka vizuri ukimwita na kumgusa, akipumua polepole au kwa kukatakata, akiweweseka, moyo ukienda mbio sana au akitetemeka, ni hospitali sasa hivi. Fanya hivyo hivyo kama amejinywea mwenyewe na hujui kiasi. Beba chupa yenyewe na kifuniko chake, hata kama imebaki tupu, na useme saa aliyokunywa. Jina la biashara pekee halimsaidii mhudumu. Anachohitaji ni orodha ile ya viambato nyuma ya lebo na mililita zilizopungua.